Databesi Ikijaa, Usianze Kufuta

Wasee, leo nataka kuongea kuhusu neno moja ambalo ukiliona kwenye skrini Ijumaa usiku, wikendi yako imeenda. Neno lenyewe ni `storage-full`. Ukiwa na databesi ya PostgreSQL kwenye Amazon RDS, yaani ile databesi unakodisha na Amazon wanaitunza kwa niaba yako, hilo ndilo neno linatokea pale kwenye hali ya databesi diski ikiisha nafasi. Na hapo si kwamba mambo yanaenda polepole. Databesi imezima. Hakuna kuandika, na mara nyingi hata kuingia tu kusoma haiwezekani.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna madevelopa watanipinga: databesi ikijaa, ongeza diski kwanza, tafuta mkosaji baadaye. Lakini uongeze kwa hesabu, kwa sababu ile diski ukiipanua haitarudi nyuma. Watu wengi wanafanya kinyume. Wanaanza kufuta vitu wakiwa na jasho kwenye paji la uso, halafu wakishindwa wanaongeza diski kubwa kama uwanja wa Kasarani.

Kwanza tuelewane kwa nini diski kujaa kunaua databesi nzima. Ungedhani mtu akitaka kusoma tu, nafasi si tatizo. Shida ni kwamba PostgreSQL haibadilishi kitu chochote kabla ya kukiandika kwanza kwenye daftari lake la mabadiliko, linaloitwa WAL. Hilo daftari ndilo linaiwezesha databesi kuamka salama stima ikipotea katikati ya kazi. Sasa ikikosa mahali pa kuandika kwenye hilo daftari, haiwezi kuahidi usalama wa data yako, kwa hivyo inajizima. Na kuamka tena pia kunahitaji kuandika. Ndiyo maana kuizima na kuiwasha mara kumi hakusaidii, ni kama kupiga teke matatu iliyoishiwa mafuta.

Tuchukue mfano tuutembee wote. Sema kuna kampuni ndogo Nairobi inauza tiketi za tamasha. Mteja analipa kwa M-Pesa, ujumbe wa malipo unaingia, databesi inaandika tiketi, mteja anapata kodi yake ya kuonyesha mlangoni. Diski waliyokodisha ni 100 GiB. Data yenyewe, yaani wateja, matamasha na tiketi zote, ni 38 GiB tu. Wamebakisha 62 GiB, na wanajiona wako salama mpaka mwaka ujao.

Jumanne saa 3 asubuhi, mtu anazima programu ya ripoti iliyokuwa inanakili mabadiliko kutoka kwa databesi na kuyapeleka kwingine. Hakuna aliyeitumia kwa wiki kadhaa, kwa hivyo kuzima ni sawa. Ijumaa, karibu saa 2 usiku, databesi inajaa na kuzima. Tamasha ni kesho.

Imewezekanaje, na data haijaongezeka? Hiyo programu ya ripoti ilikuwa imefungua kitu kinaitwa sloti ya urudufishaji. Sloti ni kama alama ya ukurasa kwenye lile daftari la WAL. Inaiambia databesi, "mimi nimesoma mpaka hapa, usitupe kurasa zinazofuata mpaka nirudi." Programu ikizimwa, sloti haizimwi nayo. Inabaki pale, inamngoja mtu ambaye hatarudi, na databesi kwa uaminifu wake wote inaendelea kumwekea kurasa.

Na hapa ndipo kuna kitu ambacho wengi hawajui. Kwenye RDS, vipande vya WAL ni vya MB 64 kila kimoja, na databesi inafunga kipande kila dakika 5 hata kama hakuna mteja hata mmoja, kwa sababu RDS yenyewe inaandika ka-alama kake kadogo ka kuonyesha iko hai. Piga hesabu: MB 64 mara 12 kwa saa, mara saa 24. Ni GiB 18 kwa siku. Bila kuuza tiketi hata moja! Kwa kawaida huoni kitu, kwa sababu vipande vya zamani vinatupwa. Sloti iliyoachwa ndiyo inazuia visitupwe. Gawanya 62 kwa 18, unapata siku tatu na saa kama kumi na moja. Jumanne asubuhi mpaka Ijumaa usiku. Hakuna uchawi.

Sasa rudi kwa yule msee aliyeshika laputopu Ijumaa usiku. Yeye hajui habari ya sloti bado. Anajua tu kwamba simu inalia na wateja wanasema pesa imetoka M-Pesa na tiketi haijafika. Afanye nini?

Kitu cha kwanza ni kuhakikisha tatizo ni hilo kweli, kwa sababu databesi inaweza kukataa watu kwa sababu nyingine nyingi. Amri moja inatosha:

```
aws rds describe-db-instances \
  --db-instance-identifier tiketi-db \
  --query 'DBInstances[0].[DBInstanceStatus,AllocatedStorage,PendingModifiedValues]'
```

Ikirudisha `storage-full` na 100, na ukifungua CloudWatch uone grafu ya `FreeStorageSpace` imeteremka mpaka sakafuni, basi hakuna ubishi. Hiyo grafu usiifunge haraka. Mteremko wake ndio hesabu yako ya usiku huo. Ukiona imeshuka mstari ulionyooka, kiasi kilekile kila saa, mchana na usiku, shuku kitu kinachojiandika chenyewe kama hiyo WAL. Ikishuka ghafla kama jiwe, shuku mtu aliyepakia data nyingi kwa mara moja.

Sasa kuna mambo matatu ambayo kila mtu anataka kufanya hapa, na yote ni mtego. La kwanza nimeshalisema, kuzima na kuwasha. La pili ni kufuta data ya zamani kwa `DELETE`. Hata kama ungebahatika kuingia, `DELETE` haiirudishii diski nafasi. Inaweka tu alama kwamba mistari hiyo imekufa, na kazi hiyo yenyewe inaandikwa kwenye WAL. Yaani unafuta ili upate nafasi, na kufuta kunakula nafasi. La tatu ni `VACUUM FULL`, ambayo kweli inarudisha nafasi, lakini inatengeneza nakala mpya ya jedwali zima kabla ya kutupa la zamani, na jedwali linafungwa muda huo wote. Kama una jedwali la GiB 20, unahitaji karibu GiB 20 nyingine uanze. Ungekuwa nazo, ungekuwa unahangaika?

Kwa hivyo, ongeza diski. Swali ni kiasi gani, na hapa ndipo hesabu inaingia. RDS ina sheria tatu za kukumbuka. Nyongeza lazima iwe angalau asilimia 10 ya diski uliyo nayo. Ukishaongeza, kuna muda wa kusubiri kabla ya kuigusa tena, ambao kwa miaka mingi umekuwa saa 6, au zaidi kama ile kazi ya kupanga diski nyuma ya pazia haijaisha. Na ya tatu, ile inayouma: diski ya databesi hiyo haipunguzwi. Ukitaka ndogo, unajenga databesi nyingine na kuhamisha data.

Ukiongeza kiasi cha chini kabisa, GiB 10, kwa mwendo wa GiB 0.75 kwa saa umenunua kama saa 13. Usiku wote umepita, na Jumamosi asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya mlango, inajaa tena. Na kama ile kazi ya nyuma ya pazia bado inaendelea, huruhusiwi kuongeza. Umekwama kabisa. Ukikimbilia upande ule mwingine na kuongeza mpaka 1000, umefunga ndoa na bili.

Njia yangu ni hii: soma kwenye grafu databesi inakula kiasi gani kwa saa, zidisha kwa saa 48, kisha weka akiba juu yake. Saa 48 zinakutosha kupita tamasha, kulala kidogo, na kumpata mkosaji ukiwa na akili. Hapa ni 0.75 mara 48, yaani GiB 36. Weka akiba, fanya 50. Diski mpya ni 150.

```
aws rds modify-db-instance \
  --db-instance-identifier tiketi-db \
  --allocated-storage 150 \
  --apply-immediately
```

Lile neno la mwisho, `--apply-immediately`, usilisahau. Bila hilo, mabadiliko yanangoja ule muda wa matengenezo wa kila wiki, na wewe utakaa ukitazama skrini ukishangaa mbona hakuna kinachosonga. Lakini lina upande wake wa pili. Linafanya na mabadiliko mengine yote yaliyokuwa yamepangwa yakingoja zamu. Kama mwenzako wiki jana alipanga kubadilisha aina ya mashine, na yeye alitaka ifanyike Jumapili usiku, litafanyika sasa hivi. Ndiyo maana kwenye ile amri ya kwanza niliomba `PendingModifiedValues`. Ikiwa tupu, endelea. Na usiunganishe kitu kingine kwenye amri hii. Usiku wa leo ni diski peke yake.

Hali itabadilika kuwa `modifying`, halafu `storage-optimization`. Wengi wakiona hiyo ya pili wanafikiri bado databesi imekufa. Hapana, iko kazini. Inaweza kuwa nzito kidogo, na hali hiyo inaweza kuchukua hata zaidi ya siku nzima, lakini wateja wanahudumiwa. Jaribu kuingia, andika kitu kidogo, ukiona kimekubali basi umepumua.

Kuna mtu ataniuliza, mbona hujachukua bekapu kwanza? Swali zuri. Jibu ni kwamba bekapu za kila siku za RDS hazifanyiki databesi ikiwa `storage-full`. Zinataka databesi iwe `available`. Kwa hivyo kila saa unayokaa ukiwaza, unakaa bila bekapu mpya. Kupanua ndiko kunarudisha bekapu. Ukishapumua, chukua moja kwa mkono.

Sasa ndiyo tumtafute mkosaji, databesi ikiwa hai:

```sql
SELECT slot_name, active,
  pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
    pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) AS imeshikilia
FROM pg_replication_slots;
```

Kwenye mfano wetu, inatoka `ripoti_slot`, safu ya `active` ni `f`, yaani hakuna anayeitumia, na imeshikilia 62 GB. Hapo umemshika mwizi akiwa na kuku mkononi. Ungekuta hakuna sloti iliyolala, ungegeukia ukubwa wa majedwali, na mara nyingi ungekuta jedwali moja la kumbukumbu za matukio ambalo hakuna aliyewahi kulipangia mwisho.

Kabla ya kumtoa, uliza. Sloti ikifutwa, yule aliyekuwa anaitegemea hawezi kuendelea alipoachia. Itabidi anakili kila kitu upya kutoka mwanzo. Kama ile programu ya ripoti ilizimwa milele, hakuna hasara. Kama mtu ana mpango wa kuiwasha Jumatatu, mwambie mapema. Ukipata jibu:

```sql
SELECT pg_drop_replication_slot('ripoti_slot');
```

Ndani ya dakika chache, databesi ikishafanya usafi wake wa kawaida, `FreeStorageSpace` inapanda. Sasa una diski ya 150 na data ya 38.

Na kazi haijaisha, tafadhali. Kuna wale watu waliolipa wakati databesi imezima. Pesa yao ilitoka, kwako hakuna rekodi. Toa orodha ya malipo ya saa hizo, ilinganishe na tiketi zilizoandikwa, na watumie waliokosa kabla hawajafika mlangoni. Diski ni tatizo lako. Tiketi ni tatizo lao, na wao ndio watasimama kwenye jua wakibishana na baunsa kuhusu ujumbe wa M-Pesa.

Hapa sasa ndipo watu wangu wa pingamizi wanaingia. Kundi la kwanza linasema, "Si ungeongeza GiB 1000 tangu siku ya kwanza uishi kwa amani?" Buda, bei ya diski ya kawaida ya RDS, ile ya `gp3`, kwa PostgreSQL kule Virginia Kaskazini, bila nakala ya pili, ni dola 0.115 kwa kila GB kwa mwezi. Hiyo 1000 ni dola 115 kila mwezi, milele. Na sloti iliyosahaulika, kwa GiB 18 kwa siku, ingeimaliza pia kwa siku 53. Hujanunua amani, umenunua ahirisho.

Kundi la pili ni mabosi wanaokataa hata GiB 50. Kwa bei hiyohiyo, GiB 50 ni dola 5.75 kwa mwezi. Hiyo ni kama chakula cha mchana cha watu wawili mjini. Nimeona watu wakijadili kwenye kikao kiasi ambacho ni kidogo kuliko chai iliyonunuliwa kwa kikao chenyewe. Usiwe hivyo.

Kundi la tatu ndilo la hatari, kwa sababu linaonekana lina akili: "Washa ile ya kujiongeza yenyewe, usahau." Naam, iwashe. Ni kuweka tu `--max-allocated-storage 200`, na hiyo 200 inakuwa dari. Inajiongeza nafasi ikibaki asilimia 10 au chini, hali hiyo ikidumu angalau dakika 5, na kama muda wa kusubiri tangu badiliko la mwisho umepita. Mtu akipakia data nyingi kwa haraka ndani ya muda huo wa kusubiri, haitakuokoa. Na kwa sloti iliyoachwa, itafanya kitu kibaya kimyakimya: itaongeza, na kuongeza tena, na kila nyongeza ni bili isiyorudi, mpaka igonge dari. Halafu unazima vilevile, siku kadhaa baadaye, na diski kubwa isiyo na kazi.

Kwa hivyo mimi nasema vitu viwili viambatane nayo. Kimoja ni kengele kwenye `FreeStorageSpace`. Angalia, hicho kipimo kiko kwa baiti, si GiB. Ukitaka kengele ilie nafasi ikibaki GiB 25, andika 26843545600. Ukiandika 25, itakulilia ikibaki baiti 25, yaani kwenye mazishi. Kwa mwendo wa mfano wetu, GiB 25 ni onyo la saa 33 hivi. Hiyo ni kutoka Alhamisi asubuhi. Jambo lote lingeshughulikiwa kabla ya chai ya saa kumi.

Cha pili ni mpangilio mmoja wa PostgreSQL, kuanzia toleo la 13, unaitwa `max_slot_wal_keep_size`. Unaiambia databesi, sloti yoyote isishikilie zaidi ya kiasi fulani, tuseme 20480, yaani MB, ambazo ni GiB 20. Sloti ikipita hapo, databesi inaibatilisha, inatupa kurasa ilizokuwa imeshikilia, na kuendelea na maisha. Kwa kawaida mpangilio huu ni -1, maana yake sloti ishikilie itakavyo. Yaani usipoamua wewe, umeshaamua kwamba ripoti ya mtu mmoja ni muhimu kuliko mauzo ya watu wote. Ukiweka kikomo, ripoti ndiyo inakufa kwanza, na ripoti inaweza kunakiliwa upya.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kuulizwa kabla ya kuuliza ukubwa wa diski. Kila databesi itakosa nafasi siku moja. Nani atangulie kufa? Kama jibu halijaandikwa kwenye mipangilio, diski itakuchagulia, na itamchagua mteja. Nenda leo uendeshe ile amri ya sloti kwenye databesi yako. Ukiona `f` na namba inayopanda, una siku kadhaa tu.